Miaka Tisa ya Uwinga kwenye Karatasi Moja

Mume wangu alikuwa Muscat mwaka wa tatu, anaendesha gari la kampuni, na mimi nilikuwa Kariakoo nikimuona kwenye simu tu. Nilichoka. Ghala moja la nguo kule likatangaza kazi, nikaomba haraka. Kimya. Nikaomba ghala jingine, kimya tena.

Nikampelekea karatasi yangu ya wasifu wa kazi dada mwenye steshenari Mtaa wa Kongo, aliyewahi kufanya kazi ofisi ya ajira. Akasoma: "Winga, Kariakoo, miaka tisa. Kutuma mzigo mikoani." Akanitazama juu ya miwani.

"Mwarabu wa watu atajuaje winga ni nini?"

"Kila mtu anajua!"

Alicheka, nikanuna. Kwetu winga hana duka. Mteja akitaka kitu, wewe unakitafuta maduka ya watu, unaweka cha juu, faida yako, unamtumia. Nani asiyejua hilo? Basi nikasema tuandike meneja mauzo, tumalize.

"Wakikuuliza uliongoza watu wangapi utasemaje? Usijipake rangi, mdogo wangu." Akafungua tangazo la ghala. "Wanataka mtu wa kupokea oda, kukagua bidhaa, kufungasha na kusafirisha. Wewe hufanyi hayo?"

"Kila siku ya Mungu."

"Mbona hujayasema?"

Akaandika kwa Kiingereza, akinisomea kwa Kiswahili: wakala wa mauzo wa kujitegemea, vitenge na kanga, hupokea oda kwa simu, kama ishirini kwa wiki, hukagua kitambaa kabla ya kununua, hufungasha na kusafirisha kwa mabasi, na kufuatilia hadi mzigo upokelewe. Wenye maduka wawili niliozoea kuwapelekea wateja wakakubali kuwa wadhamini. Hapakuwa na uongo hata mstari mmoja, ila niliposoma nilijihisi mgeni kwangu mwenyewe.

Nikaomba tena kwa karatasi hiyo, na safari hii walinipigia. Mwanamke mmoja akauliza kwenye video ninakaguaje kitambaa ambacho mteja hajakiona. Nikamwambia nakigeuza nyuma nione kama rangi imepenya, nakipima yadi zote sita, halafu nakipiga picha mlangoni penye mwanga, namtumia. Akaandika kitu, akatabasamu.

Sasa niko Muscat. Jioni nakula na mume wangu sahani moja, na nashukuru, sitaki kukufuru. Lakini ghalani oda huja na namba, haziji na sauti, na naikumbuka Kariakoo.

Juzi simu ililia. Ni mama mmoja wa Songea, mteja wangu tangu mwaka wa kwanza. Nilipoondoka nilimuaga, nikamwachia winga mwingine mzuri tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitenge kimefika, kizuri. Ila nimekupigia nikuulize, wewe ungenichagulia hiki?"

Nikamwambia anitumie picha, asimame mlangoni.