Namba Kumi na Saba

Muuguzi wa chumba cha vidonda alikuwa mkali kama pilipili. Kila mwenye ukucha ulioingia nyamani alimkaripia: "Nani alikutuma kuchonga kona? Ukucha hukatwa moja kwa moja."

Wa kwake, wa kidole gumba cha mguu, aliuchonga kona mwenyewe. Ukingo ukawa mwekundu, hata soksi ikawa adui.

Wiki mbili alihudumia watu mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, chini ya meza. Akishaloweka, aliinua ukingo taratibu na kupenyeza kipande cha pamba, ili ukucha uote juu ya nyama. Wapi. Usaha ukatoka, nyama ikavimba na kuufunika ukucha.

"Hapa sasa ni ganzi na kisu," daktari akasema. "Nitakata ubavu wa ukucha tu. Chukua namba."

Akapata kumi na saba. Zamu ikafika, na mwita namba ni yeye mwenyewe.

"Kumi na saba."

Sindano aliiogopa kuliko usaha. Akaita tena, na tena.

Bibi mmoja aliyekaripiwa asubuhi ile akaonyesha tangazo ukutani, lenye mwandiko wa muuguzi mwenyewe. "Mwanangu, asiyeitika mara tatu anarudi mwisho wa foleni."

Muuguzi akachechemea hadi mwisho wa foleni. Kutoka huko akaita, "Kumi na nane."