Kijiko cha Sukari kwa Mende

Gorofa letu la Old Kampala, enzi za utawala wa wanajeshi, lilikuwa na mende waliojua ngazi kuliko wapangaji. Wengine, naapa, ukikutana nao usiku unawapisha. Nilicheka nao mpaka mmoja alipoingia sikioni mwa binti yangu mchanga. Muuguzi alimtoa kwa mafuta ya uvuguvugu, na mke wangu akafunga kanga zake fundo.

"Mende wakiwepo mwisho wa mwezi, mimi na mtoto tunahamia kwa mama, Kisugu," alisema. "Wewe baki na wenzako."

Nilikuwa mtunza stoo wa zahanati, nimetoka kuhitimu shule ya usiku, na wapangaji walikuwa wameshaniita Mwalimu, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Nikaitisha mkutano uani Jumapili mchana. Kukusanya watu siku zile kulikuwa kujitafutia balaa, kwa hiyo wa kwanza niliyemwalika alikuwa sajenti aliyekaa nyumba ya juu yangu. Alikuja na redio yake, akaizima, akaketi. Watu wote wakawa na jambo la kutazama miguuni.

Nikasimama juu ya jiwe la kufulia.

"Jamani, mende hana nyumba moja. Mabomba yetu yote yanapita katika shimo moja, toka chini mpaka juu. Nikitia dawa peke yangu, anahamia kwako. Yako ikiisha nguvu, anarudi kwangu na watoto. Tutie sote, siku moja. Ninao unga wa boriki, ule tunaooshea macho zahanati. Utachanganywa na unga wa ngano na sukari, vidonge vidogo, nyuma ya jiko na chini ya sinki, mbali na watoto na chakula. Usipulize dawa nyingine, watavikimbia. Hafi papo hapo, mpe wiki mbili. Kila nyumba ilete kijiko kimoja tu cha sukari."

Macho yote yakamgeukia sajenti.

Sukari! Ilikuwa haionekani madukani. Mwenye sukari alikuwa mtu wa magendo, na mwenye magendo alikuwa mtu wa kuchukuliwa na askari. Nami nilikuwa nimewaambia majirani wajitangaze mbele ya sajenti.

"Sukari?" akasema bibi wa chini, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani, ambaye chai yake ilinukia tamu mpaka kwangu. "Mwanangu, mimi nimeshasahau ni nyeupe au nyeusi."

"Nani kakutuma utuhesabie sukari, Mwalimu?" mtu akauliza nyuma.

Sajenti akainuka. "Sukari mimi nakuja leta. Ya nyumba yote."

Ndiyo kwanza hofu ikapanda. Kupokea sukari ya sajenti! Kesho si atakuja kuuliza imekwenda wapi?

"Ahsante afande, usijisumbue," bibi akasema upesi. "Ndizi mbivu hazina utamu? Ndizi hakuna aliyekamatwa nazo."

Tukapona kwa ndizi. Lakini hakuna aliyekubali kufungua mlango akaguliwe kama ametia. Tukaafikiana kila mtu atie mwenyewe, na kila asubuhi aweke mende wake waliokufa mlangoni, juu ya kipande cha gazeti, wenzake waone.

Nikagawa boriki, tukatia siku moja. Siku chache baadaye magazeti yakajaa, ya bibi hasa. Mende wake walikufa kwa wingi wa ajabu, wanene. Sikumuuliza alitia ndizi au nini.

Mlangoni kwa sajenti, hakuna hata bawa.

"Hakutia," mke wangu akasema, akikunja nguo za mtoto. "Kaacha mende wake watushukie sisi. Nani atamwambia?"

Mwezi ulikuwa unaisha. Nikapanda ngazi, nikabisha. Mlango ukafunguka upana wa uso.

"Afande, samahani. Ile dawa..."

"Nilitia."

"Lakini mlangoni..."

Akaenda ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga, akalifungua mbele ya pua yangu. Limejaa mende wakavu mpaka mdomoni.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi askari. Mimi naweka maiti kwa mlango yangu, kila asubuhi, watu wanapita wanahesabu? Watasema nini?"

Shule ya usiku haikutufundisha hilo.

"Basi, afande, unikopeshe hilo kopo mara moja."

Akanikabidhi. "Usiseme limetoka kwangu."

Nikateremka nalo, nikaliweka juu ya kitanda, pembeni ya kanga zilizofungwa. Mke wangu akachungulia, akanitazama, akatazama dari.

"Yake?"

"Sijasema kitu."

Akafunika kopo, akafungua fundo la kanga, akaanza kuzirudisha kabatini moja moja, bado akisikiliza viatu vinavyotembea juu yetu.