Kiti Kinachokula Miguu

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye ncha za vidole, amebana mapaja, uso umemwiva. Hakulia. Alitazama ukuta kama mtu anayesubiri gari lipite. Halafu mkazo ulipita, akashusha visigino, akarudi kucheza na vifuniko vyake vya chupa.

Ilikuwa siku ya tano bila kupata choo.

Babu yake aliyaona yote hayo kutoka barazani, mkononi ana kikombe cha chai iliyokwisha poa. Alikuwa seremala wa viti. Kwa miaka arobaini hakutengeneza kitanda, hakutengeneza mlango. Viti tu, na stuli. Mtaani walimwita Fundi Nusu, kwa kuwa hakuna kiti alichokitoa kwenye karakana bila kusema, "Ngoja, bado nusu sentimita." Wateja walimcheka, kisha wakakaa, kisha wakanyamaza.

"Umemwona?" Mkwewe, mama wa mtoto, alitoka jikoni akifuta mikono. Alifanya kazi dirishani posta, na sasa ilikuwa siku ya nne hajaenda. "Amebana tena. Daktari amesema dawa ya kulainisha tumpe, na tumkalishe chooni kila baada ya mlo. Ikifika kesho asubuhi hajapata choo, tumpeleke wamtoe kwa bomba. Bomba, Baba! Mtoto wa miaka mitatu. Akishashikwa kwa nguvu mara moja, choo kile hatakikaribia tena."

"Nimesikia, mwanangu."

"Umesikia." Akatazama pembeni, pale kwenye kona ya baraza, ambapo kigoda kilikuwa kimelala ubavu.

Kilikuwa kigoda kizuri. Miguu minne ya kuchongwa, vanishi iliyopakwa mara tatu, uso unang'aa kama maji. Fundi Nusu alikitengeneza mwezi uliopita kwa ajili ya mjukuu wake, akakibeba mwenyewe hadi chooni kama anayepeleka zawadi harusini. Siku ya pili sakafu ya vigae ilikuwa na maji kidogo. Mtoto alipanda, kigoda kikakimbia, kidevu kikagonga ukingo wa choo. Mishono miwili. Siku hiyo hiyo mkwe alikitupa barazani, na hakusema neno, na kutosema kwake ndiko kulikomuuma mzee kuliko ambavyo kelele zingemuuma.

Baada ya hapo ukaja mlolongo wa vikalio, vile viti vidogo vya kuweka juu ya kiti cha choo ili tundu lipungue na mtoto asitumbukie. Cha kwanza kilikuwa cha sponji, laini kama mto, lakini chini hakina cha kushikilia. Mtoto akijisogeza, nacho kinasogea. Cha pili kilikuwa cha kukunja, cha safarini, kikambana paja kwenye maungio. Cha tatu kilikuwa cha plastiki ngumu, chenye vishikizo vinne vya mpira kwa chini, na tundu dogo kuliko vyote. Vyote vitatu vilining'inia kwenye misumari ukutani, juu ya ndoo.

"Leo jioni naenda kununua cha nne," mkwe alisema. "Kuna chenye tundu dogo zaidi. Anaogopa kutumbukia, basi. Mtoto anaogopa shimo."

"Amesema hivyo?"

"Anasema choo kinamla. Itakuwa nini kingine?"

Mtoto aliinua kichwa kutoka kwenye vifuniko vyake. "Sijasema kinanila," alisema. "Nimesema kinanila *miguu*."

"Ndiyo, Kibibi, tumesikia. Miguu, mikono, kila kitu."

"Siyo kila kitu. Miguu!" Na akaanza kulia, kilio cha mtu aliyelieleza jambo mara nyingi.

Fundi Nusu akaweka kikombe chini. Chai ikamwagika, hakuona.

Karakana ina maneno yake. Mteja mfupi anapokalishwa kwenye kiti kirefu, nyayo zake haziifikii sakafu sawasawa, na ukingo wa kiti unamkata chini ya mapaja. Dakika tano, ganzi. Dakika kumi, hawezi kusimama. Mafundi wa viti hawasemi kiti ni kirefu. Wanasema: kiti hiki kinakula miguu. Yeye alilipata neno hilo kwa mwalimu wake, na mjukuu, ambaye kila asubuhi alikaa karakanani juu ya rundo la maranda akisikiliza wazee wakibishana, alilipata kwake. Mtoto alikuwa ametumia neno la kazi, mahali pake hasa, kwa wiki tatu, mbele ya mtu pekee mtaani ambaye angepaswa kulielewa.

Na mtu huyo alikuwa ametengeneza kigoda bila kumpima mtoto.

Hilo hakulisema. Miaka arobaini alikuwa akiwafukuza wanafunzi kwa kosa hilo. Alipima choo, alipima mlango wa choo, alipima hata mahali pa ndoo. Alifikiri kigoda ni cha kupandia. Mtoto akishapanda, kazi ya kigoda imekwisha. Hakufikiri kwamba akishakaa, miguu inaendelea kutaka mahali.

"Mama," alimwambia mkwewe, kwa sauti aliyoitumia msibani, "usinunue kikalio. Nipe mpaka jioni."

"Baba, tafadhali."

"Mtoto haogopi shimo. Miguu yake inaning'inia. Hebu jaribu wewe kukaa juu ya meza, miguu hewani, halafu usukume. Utasukuma kwa kukanyaga nini?"

Mkwe alimtazama. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Kikiteleza tena," alisema polepole, "nitambeba mtoto wangu twende kwa mama yangu. Silisemi kwa hasira. Nakwambia tu."

"Ni haki yako."

Mzee alimbeba Kibibi hadi karakanani, hatua arobaini kuvuka ua. Akamkalisha juu ya benchi, akamvua kiatu chake kidogo, akaweka tepu kwenye kisigino na kuivuta hadi nyuma ya goti. Sentimita ishirini na tatu. Akapima tena. Ishirini na tatu.

"Unanitekenya," mtoto alisema.

"Vumilia. Kibibi, kile kigoda cha kwanza, ulipokaa, miguu ilikigusa?"

"Kilikuwa chini kule." Akanyoosha kidole sakafuni, mbali, kama anayeonyesha kisima.

Choo na kiti chake kilikuwa sentimita arobaini kutoka sakafuni. Kikalio kigumu kiliongeza tatu. Toa ishirini na tatu, inabaki ishirini. Hapo nyayo zingekaa bapa, lakini daktari alimwambia mkwe kwamba magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga, njia inanyooka. Basi ishirini na mbili, na nusu. Kigoda cha kwanza kilikuwa na kumi na mbili. Aliandika tarakimu hizo juu ya ubao kwa penseli.

Ngazi ya ishirini na mbili na nusu mtoto haipandi kwa hatua moja. Akaweka mbili: ya kwanza nusu ya kimo, ya pili pana, miguu yote miwili ikae ikiwa imeachana. Mbele akakata ubao kwa mviringo ili kigoda kiukumbatie mguu wa choo na kusogea karibu. Akakifanya kipana chini kuliko juu kisipinduke. Chini akagundisha vipande vya mpira wa tyubu, kisha akavikaza kwa skrubu fupi zilizozama ndani zisiguse vigae. Juu hakupaka vanishi. Alipitisha mafuta kidogo, akayafuta yote, akafunga vipande vya mpira wa kukanyagia. Kilikuwa kibaya. Kilifanana na boksi lililokatwa na mtu mwenye haraka.

Mara mbili mtoto alisimama ghafla kwenye maranda, kwenye ncha za vidole, amebana. Mara zote mbili seremala alisimamisha kazi bila kumtazama, kwa sababu alijua kutazamwa kunaongeza mbano. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kila mkazo uliopita bila kitu uliacha kitu kikubwa na kigumu zaidi mle ndani.

Walipomaliza kula jioni, alikibeba hadi chooni. Mkwe alisimama mlangoni amekunja mikono.

Fundi Nusu alimwaga kikombe cha maji juu ya vigae, kwa makusudi.

"Unafanya nini!"

Akaweka kigoda juu ya maji, akapanda yeye mwenyewe, mzee wa kilo themanini, akaruka. Kigoda hakikusogea. Akashuka, akakisukuma kwa mguu kutoka ubavuni. Hakikusogea. Kisha akachukua vikalio ukutani kimoja kimoja, akaviweka juu ya choo na kuvitikisa. Cha sponji kilikwenda kushoto. Cha kukunja kiliyumba. Kile kigumu alikirudisha nyuma kidogo mpaka vishikizo vinne vikauma ukingo wa ndani. Akakitikisa, na kiti chote cha choo kikatikisika pamoja nacho.

"Hiki," alisema.

 Mkwe alifuta maji kwa tambara, vizuri, mpaka kwenye kona. Kisha akaenda kumchukua mtoto.

Kibibi alisimama mbele ya kigoda, akakitazama kwa dharau.

"Babu, hukukipaka rangi."

"Hakihitaji rangi. Panda uone."

Akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akageuka, akakaa. Miguu ikatua. Mzee aliona vidole vidogo vikijikunja na kujikunjua juu ya mpira, vikitafuta, vikikuta.

"Kinakula?" aliuliza.

Mtoto alifikiri. "Bado."

Wakangoja. Maji yalidondoka kwenye ndoo, tone moja moja. Mkwe alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja hewani karibu na mgongo wa mtoto, haumgusi. Uso wa Kibibi ulianza kuiva. Visigino vikainuka, akataka kubana.

"Mama, naogopa. Inauma."

"Shuka basi, mama, shuka, tutajaribu..."

"Ngoja," mzee alinong'ona. Alitoa mfukoni randa moja, ganda jembamba la ubao, lililojikunja kama nywele, akaliweka kwenye kiganja mbele ya mdomo wa mtoto. "Puliza hili mpaka ukutani. Usisukume. Puliza tu, na ukanyage."

Akapuliza. Randa liliruka shibiri moja. Visigino vikashuka. Akapuliza tena, akainama mbele, viwiko juu ya magoti, kama wazee wa barazani, na mara ya tatu akatoa sauti ndogo ya mshangao.

Kilianguka ndani ya maji kwa mlio ambao katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuusikia kwa furaha namna hiyo.

Mkwe alikaa chini kwenye vigae na kufunika uso. Mabega yalimtikisika. Mzee hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Hakili," Kibibi alitangaza kutoka juu, akitazama miguu yake. "Mama, hakili!"

"Nimekuelewa, mwanangu," mama alisema ndani ya viganja. "Hakili miguu."

Alipokwisha kumsafisha na kumvika, alikigeuza kile kigoda juu chini na kukuta penseli: ishirini na mbili na nusu, na chini yake mistari mitatu mitupu.

"Na hii mistari, Baba?"

"Atarefuka. Mguu ukiongezeka, kigoda kipungue. Kila baada ya miezi sita nitampima na kukata."

"Mpaka lini?"

Mzee alikirudisha mahali pake, akakibana kwa choo mpaka kikashika. Viti vyote vya maisha yake alikuwa amevitengeneza vidumu kwa kimo kilekile. Hiki alikitengeneza ili kiishe.

"Mpaka sakafu yenyewe imtoshe," alisema. Kisha akainama, akaokota randa.