Diski Mbili Ndani ya Kitenge Kimoja

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Gongoni, ukuta mmoja na studio ya Gerson, na kwa sababu hiyo nimesikia kwaya nyingi kuliko mchungaji yeyote wa Tabora. Ukuta wenyewe mwembamba. Wimbo ukirudiwa mara ishirini kule, wateja wangu huku wanaanza kuitikia.

Gerson ni mtu wa Moraviani, mpole, na mbishi wa jambo moja tu: kutunza kazi. Wengine wakishamaliza albamu wanafurahi na kusahau. Yeye ndipo anapoanza kusumbua watu. Atakukalisha akueleze kwamba kuna vitu viwili vya kutunza, si kimoja. Cha kwanza ni masta, yaani wimbo uliokamilika, kwa ubora wake wote, si ile nakala iliyobanwa inayorushwa kwenye simu. Cha pili ni folda nzima ya mradi: kila sauti peke yake, kinanda peke yake, magitaa, hata yale majaribio ambayo hayakuingia kwenye wimbo. Masta ni ugali mezani, anasema, na folda ya mradi ni ghala. Ukibaki na ugali tu, huwezi kupika kingine.

Veneranda alikuja kwake na kwaya yao kutoka upande wa Goweko, mwaka 2010. Alikuwa mwimbishaji wao, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokuwa inanifanya niache kitana kichwani mwa mteja. Alikuwa na mtoto mchanga, Janeti, na mtoto nilimshika mimi, maana studio haitaki kilio. Siku ya kwanza, Gerson akipima maiki, Janeti alilia mikononi mwangu mlangoni pale. Veneranda hakuondoka kwenye maiki. Alimbembeleza kutoka mle mle kwa wimbo wa Kinyamwezi, akamtaja jina lake, mtoto akanyamaza. Gerson alikuwa anarekodi. Alicheka, akaliita lile faili "jaribio la maiki", akaliacha kwenye folda pamoja na mengine.

Albamu ilipokamilika, mwenyekiti wa kwaya, mzee Vedasto, alikuja kuchukua kazi. Gerson alikuwa amenunua diski mbili za nje, za kampuni tofauti makusudi, ili zisife kwa ugonjwa mmoja. Kila moja ilikuwa na masta na folda nzima, na alikuwa amezifungua zote kuhakikisha.

"Mzee, moja mkae nayo kanisani, ya pili ibaki hapa kwangu," alisema. "Zisilale nyumba moja. Na kila mwaka mziwashe, mfungue nyimbo mzisikilize. Hizi ni mashine, zikikaa bila kuzunguka zinakufa. Baada ya miaka minne, mitano, leteni nihamishie kwenye mpya."

"Ibaki kwako?" Vedasto aliuliza. "Ili kesho tusikie nyimbo zetu kwa kwaya nyingine?"

"Basi wekeni kwa ndugu yenu yeyote hapa mjini. Au tuiweke mtandaoni, kwa nywila yenu wenyewe."

"Mtandaoni! Mwanangu, wewe unatuona sisi wa kuja?"

Niwe mkweli, hofu yake haikuwa ya bure. Kuna kwaya zimewahi kusikia ala zao chini ya maneno ya watu wengine. Lakini Vedasto hakuishia kuchukua diski zote mbili. Alitaka na kompyuta isafishwe, mbele ya macho yake. Gerson alimsihi hadi nikaona aibu kwa ajili yake. Mwisho alikaa, akafuta folda, akaiondoa hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Vedasto alisimama nyuma yake na miwani yake puani, akisema, "Na hiyo? Na hiyo pia?"

Kule kijijini walizipa diski heshima ambayo nadhani hata kinanda hakikuipata. Walizifunga pamoja kwenye kitenge kipya, wakaziweka kwenye kabati la kwaya chini ya majoho. Kila uongozi ulipobadilika, kitenge kilipelekwa mbele ya madhabahu, kikaombewa, kikainuliwa juu, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha kikarudi kabatini. Hakuna aliyekifungua. Kuchezea mali ya kwaya ilikuwa utovu wa adabu. Mimi nikisikia habari hizo nacheka kwa hasira. Waliiombea mashine ambayo walitakiwa kuiwasha tu!

Veneranda alifariki mwaka juzi, presha. Msibani, wanakwaya wa zamani walimsimulia Janeti kuhusu siku ile ya maiki, kwamba mama yake alimwimbia yeye, kwa jina lake, na kwamba imo kwenye diski. Binti akashika hilo. Nyimbo za albamu anazo kwenye simu kama kila mtu, mama yake yuko katikati ya watu thelathini. Alichotaka ni ile moja, ya mama peke yake.

Walikuja Machi, yeye na mzee Vedasto. Janeti akaniamkia, nikamwitikia marahaba. Ana uso uleule wa mama yake.

Gerson alifungua kitenge polepole. Kilikuwa na doa la maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bati la kanisa linavuja, na kabati liko chini ya tundu. Diski ya kwanza ilikuwa na kutu hadi kwenye tundu la waya, haikuwaka kabisa. Ya pili ililia ka, ka, ka. Aliichomoa hapo hapo.

"Mmeijaribu kabla ya kuja?"

"Shuleni," alisema Vedasto. "Tuliiwasha siku nzima. Tulidhani itachangamka."

Gerson alifumba macho. Diski inayolia hivyo, kila ukiiwasha inajikwangua ndani. Zote mbili zilipelekwa Dar, kwa watu wenye chumba maalumu cha kufungulia diski. Jibu lilikuja kwa simu, nao walikuwa wamerudi studio kulisikiliza, nami nimeacha mteja nikaingia: moja imeliwa na kutu, nyingine imekwanguliwa, hakuna cha kuokoa.

Hapo ndipo Vedasto akafanya jambo ambalo sijamsamehe. Alisogeza kiti, akatabasamu.

"Haya, Gerson. Sasa toa ya kwako."

"Ipi, mzee?"

"Usinifiche. Mafundi wote hubaki na kopi. Mimi miaka yote hii nililala usingizi kwa sababu nilijua unayo."

Gerson hakuwa nayo. Kompyuta ile alishaandikia kazi nyingine juu yake mara nyingi, kisha ikafa na kuuzwa vyuma chakavu. Janeti alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, kwenye nywele nilizokuwa nimezileta kwa kandambili zangu.

"Mjomba, sema tu ulitudanganya. Hatutakasirika. Sema unayo."

"Niliwatii, mwanangu," Gerson alisema. "Nilifuta kweli."

Vedasto akainamisha kichwa. Angalau hilo alilifanya.

Janeti akauliza kama ni kweli alitajwa jina. Tukasema ndiyo, mimi na Gerson kwa pamoja. Akaomba basi tumwimbie, hata kidogo. Gerson akajaribu kuukumbuka, akashindwa. Akanigeukia. Nami siku ile nilikuwa pale, mtoto mikononi, nikasikia kila neno, na nilipoutafuta ule wimbo kichwani nilipata jina lake tu.