Masomo Kumi na Matatu

Mwaka ule mke wangu alipofariki, nilikuwa nimeshalipa shilingi arobaini na nane kwa masomo ya Kiingereza. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, katikati ya mji wa Nakuru. Mwenye shule alikuwa Mhindi mmoja wa makamo aliyewahi kufundisha shule ya serikali. Stakabadhi aliyonipa ilisema masomo ishirini na manne, Jumatatu na Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni. Mimi nilikuwa mpimaji mizani kwenye ghala la mahindi, na kazi tuliacha saa kumi na moja. Saa hiyo ndiyo iliyonifanya nijiandikishe.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alitaka niwe karani, nikae ndani, niache kukohoa vumbi. Tulipomzika kwao Rongai nilikosa masomo mawili, kisha nikarudi. Watu walidhani ni ushujaa. Ukweli ni kwamba sikujua mahali pengine pa kukaa saa ile. Nilirudia maneno pamoja na wenzangu, mdomo ukienda wenyewe.

Jumatatu moja tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Kuanzia juma lililofuata, darasa letu lingekuwa saa nane mchana. Hakuna aliyetuuliza. Ndani ya juma hilo tulijua sababu: saa yetu ya jioni ilikuwa imepewa wazungu wa mashambani na wake zao, waliotaka kujifunza Kiswahili, nao walilipa zaidi.

Pale ghalani nilimwonyesha karani mkuu ile stakabadhi, bila hasira. Aliuliza masomo mangapi yalikuwa yamefanyika kabla ya saa kubadilishwa. Nikasema kumi na moja. Akaniambia nisiende kupayuka. Niandike barua, nibaki na nakala, na nidai yale yaliyobaki tu, si ada yote.

"Na iandike mwenyewe," alisema. "Kwa Kiingereza."

Niliiandika mara nne. Jumamosi, tulipofunga kazi mchana, nikaipeleka pamoja na stakabadhi.

Mwenye shule alinikaribisha kiti. Aliisoma barua polepole, akachukua penseli nyekundu, akasahihisha neno moja ambamo nilikuwa nimeacha herufi. Alikuwa amekwisha kusahihisha ndipo alipokumbuka kwamba lile halikuwa zoezi. Akaiweka penseli chini.

Alinigeuzia stakabadhi na kunionyesha mstari wa mwisho: ada ikishalipwa hairudishwi. Alisema pia kwamba sijafukuzwa, kiti changu kipo, nije saa nane.

"Mwalimu, saa nane niko kwenye mizani," nikamwambia. "Mstari huo ni wa mtu anayeacha masomo. Mimi sijaacha. Saa niliyonunua imeandikwa hapo juu, na wewe ndiye uliyeihamisha."

Sauti yangu haikupanda. Nadhani hilo lilimsumbua kuliko kama ningegonga meza. Akakiri kwamba kodi ya chumba ilikuwa imepanda na wale wa jioni walikuwa wamemwokoa. Akanipa njia nyingine: nije saa ileile ya jioni, nizungumze Kiswahili na wazungu wake wapate mazoezi, naye atanifundisha Kiingereza nusu saa bure. Siku nyingine ningefikiri. Siku ile niliona tu kiti, na watu wakiniuliza habari za nyumbani ili wajifunze kusalimu. Nikakataa.

Basi akafungua daftari la mahudhurio. Aliniambia yale mawili niliyokosa hawezi kuyarudishia pesa, maana siku hizo alifundisha. Nikasema ni haki. Hakuuliza nilikuwa wapi, wala sikumwambia. Shilingi mbili kwa somo, masomo kumi na matatu: shilingi ishirini na sita. Alizihesabu mezani, nikatia sahihi, naye akaandika kwenye stakabadhi yangu kwamba deni limekwisha.

"Ungemaliza, ungekuwa karani mzuri," alisema.

"Asante, Mwalimu."

Wenzangu wawili walisikia, wakaenda na barua zao, wakalipwa vilevile. Waliobaki walikubali saa nane, au walipotea tu.

Jumapili nilikwenda Rongai. Mama mkwe alikuwa akimlea binti yetu, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Nilimpa shilingi ishirini. Akauliza ni za nini, nikasema za masomo ambayo sikuyasoma. Hakuelewa, ila alizifunga kwenye pindo la leso, akanipa mtoto nimshike wakati akichochea moto. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka. Nilimshika mpaka chai ikawa tayari.