Mizani Tatu Zilizokosekana

Mwalimu Mishi Kombo hakuwa mtu wa kubembeleza shairi. Wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu, pale shuleni karibu na Majengo, walijua kwamba anayekimbilia kusema "mshairi anatufundisha" kabla hajalisoma shairi kwa sauti atasimamishwa mbele ya wenzake alisome mpaka koo limkauke. Wengine walimwita mkali. Mkali kweli alikuwa, lakini alipenda kazi yake, na hakuna aliyetoka darasani kwake bila kujua kusikia shairi.

Muhula huo, hata hivyo, Mishi alikuwa na shida yake mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Hanif, alikwenda ng'ambo kutafuta kazi, nchi ya baridi, na mwaka wa pili huu hajapiga simu. Sasa kila magharibi, Mishi akiwa peke yake katika nyumba yake ya ghorofani huko Kariokor, mlango unabishwa. "Hodi," sauti inasema, na sauti ni ya Hanif. Mishi huruka, hufungua, hakuna mtu. Jirani yake, Mama Carolyne, alimwambia, "Dada, wewe unakimbilia kitasa. Si umwitikie kwanza? Mgeni huingia akikaribishwa." Maneno hayo yalimwingia Mishi. Akaazimia kwamba leo ataitika.

Lakini alfajiri ya siku hiyo aliamka na ubeti mzima kichwani, hajui umetoka wapi. Aliona ni salamu za mwanawe, kwamba yu hai na anarudi. Alitaka mno kuamini hivyo. Na kwa vile hakujiamini kuusoma peke yake, ana moyo wa mama, akaupeleka mahali ambapo shairi halionewi huruma. Akauandika ubaoni bila jina la mtunzi:

Usiku ukishafika, taa weka dirishani,
Wali wako ukipika, nibakishie sahani,
Humu nilimoamka, mna baridi jamani,
Hodi nikishatamka, usiitike.

"Mwalimu, mshairi ni nani?" akauliza Willis, kijana wa dawati la nyuma, mtani wa darasa zima.

"Hajulikani. Na hatumtafuti yeye. Tunamtafuta nafsineni, yule anayesema ndani ya shairi. Haya, mshororo wa kwanza. Taswira gani?"

"Taswira oni," Willis akasema. "Tunaiona taa. Iko kwa dirisha."

"Kwenye dirisha. Na anayeiona taa ya dirishani yuko wapi?"

Willis akafikiri. "Nje, mwalimu. Aliye ndani haweki taa dirishani ajimulikie."

Mishi akatabasamu, moyo umempanda. Yuko nje, yuko njiani. Hanif anakuja. Akawapeleka kwenye mshororo wa pili, nao wakamwambia kwamba nafsineni anamwita mtu aliyempikia tangu utotoni, pengine mama, kwa sababu hakuomba chakula, aliomba tu abakishiwe. "Mtu husema 'nibakishie' akijua nyinyi mtakula yeye hayupo," akaongeza msichana mmoja, na darasa likakubali.

"Wa tatu," Mishi akasema. Huu ndio aliousubiri. "Baridi ni taswira ya mguso, tunaihisi ngozini. Basi nafsineni yuko nchi gani?"

"Majuu," wakasema wengi. Hapo hapo angefunga mjadala, kama si Nangila. Binti huyu alikaa karibu na mlango, mpole, haongei mpaka awe na hakika.

"Samahani, mwalimu. Hayuko nchi yoyote. Wewe ulitufundisha, nchi ni 'huku kuna baridi'. Mahali unapopaonyesha ni 'hapa pana'. Huyu amesema 'humu mna'. Yuko ndani ya kitu."

"Ndani ya nyumba, labda," Mishi akasema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Nyumbani mtu huamka kila siku, haoni ajabu. Huyu anashangaa ameamkia humo. Halafu pana taa kwa mama, kwake hakuna. Ni ndani ya kitu cha baridi, chenye giza." Nangila akapunguza sauti. "Mimi nimefikiria kaburi, mwalimu, au maji."

Mishi akaegemea meza. Angeweza kumwambia binti wa watu amekosea. Lakini hakukosea hata kidogo, na Mishi hakuwahi kumnyima mwanafunzi jibu lililo sawa.

"Tusikilize mapigo," akasema. "Pigeni madawati, kila mizani pigo moja. Nane, tunapumua, nane."

Wakapiga. U-si-ku-u-ki-sha-fi-ka. Mishororo mitatu ikaenda sawa, nane kwa nane, mwendo wa mtu anayepanda ngazi bila haraka. Wa nne ukafika kwenye "usiitike", mizani tano, maneno yakaisha. Mikono haikuisha. Darasa zima likapiga mara tatu zaidi juu ya kimya, kisha wakatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake.

"Hiyo ni guni, mwalimu," Willis akasema, lakini hakucheka. "Imepungukiwa mizani tatu. Hata kina cha 'ni' hakipo."

"Au imekatwa makusudi," Mishi akasema polepole. "Mtu akisema hodi, anaitikiwaje?"

"Karibu," darasa zima likajibu.

Ka-ri-bu. Mizani tatu, zilijaa pale pale. Usiitike karibu. Nafsineni alikataa kulitamka neno lenyewe. Hata kwa kumkataza mama yake hakutaka liwe mdomoni.

"Na toni?" Mishi akauliza. Koo lilikuwa limemkauka yeye.

"Ya kutisha," wakasema.

"Hapana," Nangila akasema. "Mwanzo anaomba, anatamani nyumbani. Mwisho anaonya. Lakini anaonya kwa mapenzi, mwalimu. Anajua akikaribishwa ataingia, na hataki mama apatwe na kitakachoingia naye. Anajizuia, naye ana baridi."

Kengele ikalia. Mishi akageukia ubao akafuta, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili watoto wasimwone akilia.

Magharibi hiyo aliketi sebuleni, ncha ya leso ameiuma kwa meno. Sasa alijua. Mwanawe amekufa, na amemwomba jambo moja tu, naye mama atalitimiza hata kama litampasua kifua.

"Hodi." Akanyamaza.

"Hodi, mama." Akanyamaza, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Ya tatu ilikuja kwa sauti ndogo, sauti aliyokuwa nayo akiwa na homa utotoni. "Hodi." Mishi akanyamaza. Na kwa kuwa mgeni mwenye adabu akibisha mara tatu asijibiwe huenda zake, akasikia nyayo zikigeuka, zikishuka ngazi, pole pole, zenye majimaji, mpaka zikapotea chini kabisa.

Amefaulu. Alimtii mtoto wake. Nyumba ikawa kimya, na katika kimya kile ule mshororo wa mwisho ulimkaa kifuani, mfupi, umekatika. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, na kabla ya hapo alikuwa mama. Mwanangu ameondoka na baridi yake, wala sikumwambia hata neno, akawaza, na uchungu ukamzidi. Sasa hayupo, hasikii. Akalisema kwa mnong'ono, ili mstari utimie.

"Karibu."

Chini ngazini, nyayo zikaanza kupanda, nane, pumzi, nane. Na Mishi, Mungu amsamehe, akainuka kumfungulia.