Mkono wa Tatu

Wifi yangu Umi ana mikono mitatu. Si mimi nisemaye, ni picha ya gazeti iliyotundikwa dukani kwake hapa Voi, juu ya kabati la keki. Mikono miwili ina hina ya Idi, imeshika keki ya harusi ya ghorofa tatu. Wa tatu umechomoza pembeni, hauna hina hata chembe, na kidoleni una pete ya rozari. Wateja wakiingia wanamuuliza, "Mama, ulibatizwa lini?" Nami ninauza madera mlango wa pili, kwa hivyo swali hilo nalisikia vizuri, na nacheka mpaka naegemea ukuta.

Umi ni mke wa kaka yangu Badawy. Keki zake ni tamu, hilo sitamdhulumu. Lakini alikuwa akioka za bethdei tu. Harusi kubwa za huko milimani zilipita mbele ya mlango wake kwenda kutafuta keki Mombasa, naye aliziangalia zikipita na roho ikimuuma. Akasema yeye akipata harusi moja tu ya maana kule juu, atafunga mdomo wa kila mtu. Mimi nikiwemo.

Basi mwaka huu akaingia mashindano ya waoka keki wa Pwani, huko Mombasa, yeye na Wakesho. Wakesho ni mtu wa Mghange, huko huko milimani, mama wa watoto wawili, na maua yote ya sukari unayoyaona juu ya keki za Umi ni kazi ya mikono yake. Wakapata namba mbili. Gazeti likawapiga picha, ndogo, chini ya ukurasa, na maneno yake: Umi Badawy na Wakesho Mwakio wa Voi, washindi wa pili, keki za harusi.

Namba mbili ya Pwani nzima! Nilipiga vigelegele mpaka watu wakatoka madukani. Kumbe mwenzangu alikuwa na mipango yake. Alinunua magazeti yote aliyoyaona stendi, akaenda kwa Ayub wa fotokopi, akamwambia kata hapa. Maneno yakakatwa, na Wakesho akakatwa. Mkono ukabaki kwa sababu umeshika ghorofa ya juu, na ukiukata unakata keki.

Halafu akaandika WhatsApp: "Nimenyenyekea sana. Mimi ni mtu wa kawaida tu, sikutarajia kuwa BINGWA wa keki Pwani." Bingwa kwa herufi kubwa. Nikamuuliza, "Wifi, huu unyenyekevu mbona una spika?"

"Wivu huo," akanijibu.

"Na namba moja yuko wapi? Amefariki?"

Akanifungia stetasi zake nisizisome. Makubwa! Badawy akanionyesha kwa simu yake. Kila siku picha ile ile, mikono ile ile mitatu, na mtu wa kawaida tu.

Wakesho aliendelea kufinyanga maua yake nyuma ya pazia. Ila wakati wa chai hakuwa akija kukaa nasi barazani, alikuwa akinywea huko huko jikoni, na mimi hilo lilinikera kuliko stetasi zote.

Siku moja akaja Mwalimu Ndulu. Mwalimu amestaafu, lakini macho yake bado yanasahihisha. Binti yake anaolewa na kijana wa Mghange, harusi ni huko huko. Umi alituma mtoto kuniita nije nimpambie mazungumzo. Nilikwenda mbio, mambo kama hayo sikosi.

"Mama, nisamehe nikikuuliza sana," Mwalimu akaanza. "Harusi ya mtoto wangu wa kwanza, mwokaji alituonyesha picha za ajabu. Siku ya harusi ikaja keki imelala upande. Kumbe picha alizitoa kwenye mtandao."

"Mimi nimetoka gazetini, Mwalimu," Umi akasema, akionyesha ukutani.

Mwalimu akavaa miwani. Kwanza akauliza cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Umi akakisaka, kumbe kiko nyuma ya fremu ya gazeti. Mwalimu akatazama tarehe, akaridhika. Kisha akarudi kwenye picha.

"Kwenye WhatsApp umeandika bingwa. Bingwa wa mashindano gani? Na maneno ya gazeti yako wapi? Picha ya gazeti huwa na maneno chini." Akasogea zaidi. "Na huu mkono ni wa nani?"

Nikaangalia sakafu. Wallahi nilitaka kucheka na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja. Angeweza kusema ni wa jirani, ni wa jaji, ni wa mpita njia. Harusi ya mlimani ilikuwa pale, imekaa kwenye kiti cha plastiki. Na wakati huo huo Wakesho akatoka nyuma ya pazia na trei ya maua, akasimama.

Umi akamtazama.

"Ni wa Wakesho huyu," akasema. "Nilimkata. Na si bingwa, Mwalimu. Tulikuwa namba mbili."

Hapo akafungua kabati, akatoa cheti chenyewe cha mashindano alichokificha chini ya mifuko ya unga, na maneno yakamwagika. Kwamba maua ya Wakesho ndiyo yaliyowapendeza majaji. Kwamba walipoteza alama kwa sababu joto la Mombasa liliitoa sukari jasho, na sasa wameubadilisha mchanganyiko. Kwamba waliisafirisha keki kwa treni, ghorofa moja moja, kila moja na boksi lake, wamezipakata mapajani, wakaziunganisha ukumbini.

Mwalimu akavua miwani. "Sasa hilo ndilo nililokuwa nataka kusikia. Barabara ya kupanda kule ni kona tupu. Ubingwa hautashikilia keki yangu." Akamgeukia Wakesho. "Wewe utakuja nayo?"

"Mimi ni wa huko huko, Mwalimu," Wakesho akasema. "Nitakuja."

"Basi tupange."

Mwalimu akaondoka. Umi akasema, "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilimpelekea mamangu hiyo picha, dada," Wakesho akasema, hakupandisha sauti. "Nilikuwa nimemwambia nimetoka kwenye gazeti. Akaniuliza, wewe ni yupi? Nikamwonyesha mkono. Akaniambia, mkono kila mtu anao."

Umi akalia. Na mimi nikalia, mimi niliyekuja kucheka.

Ayub, kwa bahati, alikuwa ameuskani ukurasa mzima kabla ya kuukata. Akatuchapia upya. Ndipo tukamwona Wakesho alivyotoka: macho amefumba, mdomo wazi. "Bora ungeniacha nimekatwa!" akapiga kelele, na siku hiyo chai tukanywa watatu barazani. Stetasi mpya waliiandika pamoja: "Tulipata namba mbili, keki za harusi, mashindano ya Mombasa. Maua ni ya Wakesho, keki ni ya Umi. Tunaleta hadi kwako na kuiunganisha mbele yako." Cheti kikafuata chini. Mimi nikafunguliwa nisome.

Keki ilifika Mghange imesimama. Mama yake Wakesho alikuwepo, na mkobani alikuwa na picha, ile nzima, aliyoikunja mara nyingi kwa kuionyesha. Kwenye foleni ya pilau alimwonyesha kila mtu. "Huyu aliyefumba macho ni wangu."

Umi akashindwa kuvumilia, ndivyo alivyo. Akainama kando yake. "Na mimi, mama, niko wapi hapo?"

Yule mama akaitazama picha. Mkunjo ulikuwa umepita katikati kabisa, na nusu yenye uso wa Umi imegeukia nyuma. Akatafuta, akatafuta.

"Wewe," akasema kwa upole, "ni hii mikono ya hina."